Mkono ukitoka kifuani, damu imesimama

Haya, wa nyuma mnaniskia? Feni imegoma na joto la Kisumu mnalijua, basi nitaenda moja kwa moja. Sirudii mambo ya kuangalia usalama na kupiga kelele upate msaada, hayo mlishafanya. Mimi nina neno moja tu, na walionisikia mwaka jana wanalijua, nyinyi msicheke, ni zile sekunde mkono unatoka kifuani mnapombonyeza mtu ambaye moyo wake umesimama.

Kundi la asubuhi niliwapa kesi ya mazoezi. Mama wa mitumba pale Kibuye, miaka 52, ameanguka kibandani, haitiki, anavuta pumzi moja, kimya, halafu nyingine, kama samaki ametolewa majini. Watu wawili wakaniambia "anapumua mwalimu." Hapumui! Hizo ni pumzi za kukata roho. Unashika pulsi ya shingoni huku macho yako kifuani, vyote kwa pamoja, sekunde 10 zisizidi, na ukibaki na shaka unaanza kubonyeza.

Wakaanza vizuri kusema ukweli. Kiganja kwenye nusu ya chini ya kidari, kifua kinazama sentimita 5 hadi 6, spidi kati ya 100 na 120 kwa dakika. Mashine ya shoti, ile inayoupiga moyo umeme, ikafika, na mimi nikawasha saa ya simu bila kuwaambia.

Anayebonyeza akaacha ili mwenzake abandike padi za mashine kifuani, sekunde 20. Mashine ikasoma moyo, 9, hizo sina neno kwa sababu ukimgusa hapo unaivuruga. Ikasema shoti inahitajika, inachaji, wote wakaruka nyuma mikono juu kama wameshikwa na kanjo, 10. Shoti ikapigwa, sasa mmoja akaanza kutafuta pulsi, akaikosa, akahamia upande wa pili wa shingo, 14. Jumlisha, sekunde 53 huyo mama hana damu inayokwenda kwa ubongo, na za lazima zilikuwa zile 9 tu na chache za kujitenga kabla ya kubonyeza kitufe.

Mtaniambia sekunde ni sekunde tu, si tutarudi kubonyeza? Nyinyi mliokulia Siaya na Kakamega mmeshapampu kisima cha mkono. Ukiacha kidogo maji yanashuka, na ukirudi unapiga hewa mara kadhaa kabla tone halijatoka. Presha inayosukuma damu kwa mishipa ya moyo ni hivyo hivyo, inapanda polepole ukibonyeza mfululizo na inaanguka mara moja ukiacha. Na ukiegemea kifua kisirudi juu chote, moyo haujai, sasa unabonyeza nini?

Basi padi zinabandikwa huku mwenzako anabonyeza, moja kulia chini ya mtulinga, nyingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa, kifua kikavu. "Mwalimu, tukibonyeza ikichaji si tutapigwa shoti?" Ile yenye kitufe haipigi mpaka mtu aibonyeze, kwa hivyo rudi kifuani ichaji, halafu "wote tokeni", angalia kichwani mpaka miguuni, piga. Ile inayojipigia yenyewe usishindane nayo, fuata sauti yake. Na shoti ikishapita hakuna kutafuta pulsi! Hata mdundo ukirudi, moyo unakuwa umeduwaa, hausukumi vizuri bado. Mikono kifuani, bonyeza dakika 2, mashine itasoma tena, na hapo ndipo mnabadilishana kwa sababu aliyechoka anabonyeza juujuu na yeye mwenyewe hajui.

Nilishaona wodini, zamu ya usiku, hospitali siitaji, tunabonyeza kwa nguvu zetu zote na kumbe godoro la sponji ndilo linalozama. Tangu siku hiyo nikiingia zamu naulizia ubao wa kuweka chini ya mgonjwa kabla ya chai.

Muda unaniishia na njia ya hewa bado. Haraka: laza kichwa nyuma, inua kidevu, ukishuku shingo imeumia sukuma taya mbele. Bonyeza 30, pumzi 2, kila pumzi sekunde moja, kifua kikiinuka acha hapo hapo. Nyinyi mnakamua begi la kumpulizia hewa kama mnakamua ng'ombe, hewa inaenda tumboni, anatapika, na huko kutapika kunawatoa kifuani tena. Pumzi zote mbili zisiwale sekunde 10.

Aliyezama ziwani pale Dunga ni kesi tofauti, huyo anaanza na pumzi kwa sababu alikosa hewa kwanza, na umpanguse kifua kabla ya padi. Nilitaka tuifanye yote, haitawezekana leo.

Kundi la pili, njooni. Nani ana simu yenye chaji? Wewe shika saa, kila mkono ukitoka kifuani hesabu kwa sauti, waaibike.