Kiwanja cha Elfu 8 Bagamoyo: Mita Moja ya Mraba Inakula Shilingi Ngapi Hasa?

Jamani, hamjambo? Wa Kerege, wa Mapinga, wa Magomeni kwetu, na ninyi wenzangu wa huku kwenye baridi, karibuni.

Wiki hii nimeletewa tangazo moja na watu wengi kweli. Kiwanja upande wa Kiromo, hatua 30 kwa 20, milioni 4 na laki 8. Dalali kaandika chini: "mita za mraba 600, sawa na elfu 8 tu kwa mita." Pembeni mtu kaweka kiwanja kingine chenye hati, mita za mraba 450, elfu 18 kwa mita. Swali lenu ni moja: kuna haja gani ya kulipa zaidi ya mara mbili?

Leo tunapiga hesabu. Gharama nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za kwako. Njia ya hesabu ndiyo ninayotaka uondoke nayo.

Tuanze na zile hatua. Hatua si mita. Mtu mzima akitembea kawaida, hatua yake ni kama sentimita 75 hadi 80. Tumfanyie dalali hisani, tuseme 80. Hatua 30 zinakuwa mita 24, hatua 20 zinakuwa mita 16. Zidisha: mita za mraba 384. Siyo 600. Gawanya milioni 4 na laki 8 kwa 384, unapata 12,500. Hapo hatujamlipa mtu hata senti, na elfu 8 imeshakufa.

Kwa hiyo ukimtuma mdogo wako shambani, mpe futi kamba, siyo simu peke yake. Simu inakosea mita kadhaa kila kona, na kwenye upande wa mita 16 hilo ni kosa kubwa. Mwambie apime pande zote nne, kisha apime mshazari mmoja, kona hadi kona. Bila mshazari hujui kama kiwanja kimekaa mraba au kimelala upande. Ukiwa nao unakigawa pembetatu mbili na eneo linatoka sawasawa.

Sasa barabara. Hapa ndipo wengi wa huku nje tunapigwa, maana kwenye video ya dalali pikipiki inapita vizuri tu. Tuseme mbele ya kiwanja hiki kuna njia ya mita 3. Siku mchoro wa mipango miji ukichorwa, mpangaji hawezi kuacha mtaa wa mita 3. Tuseme anataka mita 10. Zinakosekana 7, na kama zinagawanywa sawa, wewe unatoa 3.5 na jirani wa ng'ambo anatoa 3.5. Upande wako wa mbele ni mita 16, kwa hiyo umepoteza mita za mraba 56. Zinabaki 328. Na hizo 56 ulishazilipia.

Halafu ile njia ikifika kwa jirani wa kona inabanwa na ukuta na minazi yake miwili. Atataka fidia, na ana haki. Weka laki 6. Ardhi yenyewe ya mfinyanzi, masika lori la mchanga halipiti, basi mchango wako wa moramu weka laki 5. Barabara peke yake milioni 1 na laki 1.

Upimaji, ukiwa peke yako, weka laki 7. Hati na ada zake, laki 4 na nusu. Mwanasheria, ushuru wa stempu wa asilimia 1 na shughuli za serikali ya mtaa, laki 1 na nusu. Jumla ya nyongeza zote: milioni 2 na laki 4. Ukijumlisha na bei ni milioni 7 na laki 2, gawanya kwa 328. Karibu elfu 22 kwa mita.

Kile chenye hati je? Mita 450 kwa elfu 18 ni milioni 8 na laki 1. Ushuru wa stempu 81,000. Upekuzi kwa msajili wa hati, mwanasheria na ada za uhamisho, weka 369,000. Jumla 8,550,000. Gawanya kwa 450: elfu 19 kamili.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi kisichopimwa ni kibaya siku zote. Toa barabara kwenye hesabu, yaani chukulia mtaa ulishaachwa na upana wake upo: milioni 6 na laki 1 kwa mita 384, haifiki elfu 16. Hapo kingeshinda. Tena upimaji unalipia kwa kiwanja, haupungui sana kiwanja kikiwa kidogo, ndiyo maana mkijikusanya majirani mkapimiwa pamoja kila mmoja anapumua.

Na neno "kimepimwa" lichunguzeni sana. Kuna kiwanja kina vigingi tu vya kijani vilivyochomekwa na kijana wa dalali. Kuna kingine kina mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, lakini hakuna aliyepima. Kuna ambacho ramani ya upimaji imeidhinishwa, kina namba ya kiwanja na kitalu na bikoni za zege, ila hati bado. Na kuna cha kampuni kilicho ndani ya hati moja kubwa, wewe unasubiri wagawe. Hizo ni bei nne tofauti. Omba namba ya ramani iliyosajiliwa, umpe afisa ardhi wa halmashauri aikague. Malipo ya serikali yanakuja na namba ya malipo. Anayetaka umtumie kwenye simu yake, mwache.

Kitu kimoja cha kitaalamu, kwa sababu kilimtisha shemeji yangu. Ukipewa namba za kona kutoka kwenye ramani ya upimaji, ukaziingiza kwenye simu, kiwanja kinaweza kuangukia kwenye shamba la mtu, kama mita 300 kutoka kilipo. Usikimbilie kusema umetapeliwa. Ramani zetu nyingi zimepimwa kwa mfumo wa kuonyesha mahali unaoitwa Arc 1960, simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Mpima anazibadilisha kwa dakika chache. Zikibadilishwa na bado haziangukii kwenye bikoni, hapo sasa uliza maswali.

Na wewe unayetamani upande wa Kaole au Mbegani uone bahari: sheria ya mazingira inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima hizo kwanza, uone zinabaki ngapi za kujenga.

Haya, kuna dada kaniandikia anakipenda hiki cha Kiromo hivyo hivyo, kipo karibu na kwa mama yake. Sawa dada yangu, basi tunarudi nyuma. Elfu 19 mara mita 328 zitakazobaki ni 6,232,000. Toa milioni 2 na laki 4 za kupima, hati na barabara. Zinabaki 3,832,000. Hiyo ndiyo bei ambayo viwanja viwili vinalingana, na bado hujahesabu muda wa kusubiri hati wala jirani akikataa kutoa minazi yake. Mimi ningeanza na milioni 3 na laki 2, nikamwambia dalali nimepima kwa futi kamba, na nisipande kupita 3 na laki 6.