Elfu 30 zimeenda wapi? Matangazo, VAT na dola

Baraka: Dada Salma, tuanze na ile kesi ya kampuni ya utalii ya Arusha.

Salma: Eeh, hiyo. Akaunti ya Google Ads iko kwa dola, anwani ya bili ni Arusha, matangazo yanaonwa na watu wa Uingereza, na kadi inayolipa ni ya ofisi ya Nairobi, kwa hiyo bosi anataka ripoti kwa shilingi za Kenya. Mimi nikaandika dola 1,000 mara reti ya 130, yaani shilingi 130,000. Mhasibu akaja na stetimenti, benki imekata 160,079.

Baraka: Elfu 30 nzima!

Salma: Na hakuna aliyekosea kaka. Ile kolamu ya `Cost` ya Google Ads niliyotoa zile dola 1,000 haina kodi wala ada. Watazamaji wakiwa Uingereza Google wanaongeza ada ya asilimia 2, hiyo dola 20, halafu VAT ya Tanzania asilimia 18 ikapigwa juu ya 1,020, ikawa 183.60.

Baraka: Ngoja hapo, kwa hiyo VAT inafuata anwani ya bili, ila ile ada inafuata mtazamaji alipo?

Salma: Ndio hivyo, na hapo ndo wengi wanachanganya. Sasa kwa 130 ada ni 2,600, VAT ni 23,868, na zile 3,611 zilizobaki ni benki, maana walikata kwa 133 sio 130.

Baraka: Kwenye ripoti unaziwekaje?

Salma: Ada naiweka kwenye gharama ya kampeni, bila hiyo ada tangazo lisingeonekana Uingereza. Ya benki inaenda kwa mhasibu, tangazo halihusiki. VAT namuuliza mhasibu kwanza, kama kampuni imesajiliwa na inaweza kuidai basi sio gharama, ila kama haiwezi ni hela imeenda na lazima ionekane, la sivyo utalinganisha Arusha na Nairobi na uone Arusha ni rahisi wakati sio.

Baraka: Mimi kilichonitesa ni ripoti ya mwezi wa tatu, nikiifungua mwezi wa tano namba zimebadilika, na mteja ashasaini!

Salma: Uliweka hii kwenye shiti?

```
=B2*GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDKES")
```

Baraka: Hiyo hiyo!

Salma: Hiyo inavuta reti ya leo kila ukifungua. Chukua wastani wa mwezi wa Benki Kuu ya Kenya, uandike kama namba kwenye seli moja, mwezi wote utumie hiyo kwa nchi zote, na kolamu ya dola usiifute kabisa. Gharama kwa buking moja ikipanda kwa shilingi lakini kwa dola imetulia, usiguse kampeni, ni reti tu imecheza.

Baraka: Aisee, mimi mwezi ule nilipunguza bajeti.