Una Simu na Jioni Tu: Namna ya Kuchagua Biashara

Chukua karatasi na kalamu. Andika biashara mbili unazozifikiria, kisha chini ya kila moja orodhesha kila hatua ya oda moja, tangu mteja anapouliza bei hadi hela inapoingia. Tutatumia mfano wa kuuza viatu kwa oda, na wa kutengeneza matangazo ya picha kwa wenye maduka.

Tuanze na viatu. Unaposti picha, mteja anachagua, analipa. Hadi hapo simu inatosha. Lakini nani atakwenda kuchukua kiatu kwa muuzaji wa jumla, wakati wewe uko huru jioni na yeye ameshafunga? Zungushia hatua hiyo duara. Kila duara ni mtu wa kumlipa, na malipo yake yanatoka kwenye faida yako.

Sasa piga hesabu. Tuseme kiatu unakinunua kwa 100 na kukiuza kwa 130. Toa 15 za usafiri na 3 za makato ya kutuma pesa, zinabaki 12. Kikirudishwa kwa sababu hakimtoshi mteja, na ukalazimika kulipia usafiri wa kukirudisha na wa kupeleka kingine, 30 zinaondoka. Hiyo ni faida ya viatu viwili na nusu. Ndiyo maana wengi huuza sana na bado mfuko ni mtupu.

Upande wa matangazo hakuna duara, ila kuna muda. Kuuliza maelezo ni dakika 20, kutengeneza 60, marekebisho 30, kufuatilia malipo 10. Jumla saa mbili. Kama jioni yako ni ya saa tatu, pokea kazi moja tu. Ukiahidi mbili, ya pili itachelewa na mteja hatarudi.

Marekebisho ndiyo yanayokula muda. Kabla hujaanza, mwambie mteja atume kwa maandishi jina la duka, bidhaa, bei na namba ya simu, halafu mkubaliane kwamba marekebisho ni mara mbili. Pokea nusu ya malipo mwanzoni. Sampuli mtumie ikiwa na maandishi yanayokatiza katikati ya picha. Akimaliza kulipa, mpe iliyo safi. Hiyo safi itume kama faili, maana ukiituma kama picha ya kawaida, programu za ujumbe huipunguza ubora na maandishi madogo hufifia yakichapishwa.

Kwa mwenye simu na jioni tu, sisi tungeanza na matangazo. Viatu virudie ukishapata mtu wa kuaminika wa kuchukua mzigo mchana.

Kabla ya kutumia hela yoyote, tengeneza sampuli moja na uwatumie wenye maduka kumi unaowafahamu, ukitaja bei. Kusifiwa usikuhesabu. Hesabu waliotuma nusu ya malipo. Wote wakisifu na asilipe hata mmoja, badilisha aina ya wateja kwanza: jaribu wapishi wa sherehe au mafundi, kwa sampuli inayohusu kazi yao.