Mteja wa maji ya dumu ana thamani gani?

Ndugu zangu, tumchukue muuzaji wa maji ya kunywa ya dumu la lita 20 anayepeleka majumbani. Tuseme dumu ni shilingi 3,000, na akishatoa bei ya maji, mafuta ya pikipiki na ujira wa kijana, hubaki na 500. Mteja wa madumu 10 kwa mwezi anamwachia 60,000 kwa mwaka. Hesabu inaanzia hapo. Ukianza na mauzo, yaani 360,000, umeshapotea.

Pili, ni wateja wangapi wanabaki? Hapa ndipo daftari hudanganya. Januari alikuwa na wateja 200, Januari iliyofuata ana 210, akafurahi. Lakini pitia majina moja moja: 50 ni wapya, na kati ya wale 200 wa mwanzo wamebaki 160. Kiwango cha kubaki ni asilimia 80.

Tatu, kiwango cha punguzo. Sisemi punguzo la bei. Nasema jinsi hela ya mwakani inavyopungua thamani ukiipima leo. Kama mtaji wake ni mkopo wa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, tumia hiyo 20.

Sasa tuhesabu. Mwaka wa kwanza tunauchukua mzima: 60,000. Mwaka wa pili, zidisha kwa 0.8 kwa sababu huenda mteja akaondoka, kisha gawa kwa 1.2 kwa sababu hela inachelewa: 40,000. Wa tatu, fanya vivyo hivyo: kama 26,667. Mafungu yanazidi kupungua, na jumla yake yote, ambayo ndiyo thamani ya mteja, hupatikana kwa mkupuo:

```
60,000 × 1.2 / (1.2 − 0.8) = 180,000
```

Kubaki kukipanda hadi asilimia 90, jibu ni 240,000. Faida ikipanda kwa asilimia 10, jibu ni 198,000 tu. Ndiyo maana mimi ningemlipa vizuri kijana anayefika kwa wakati kabla ya kufikiria kupandisha bei.

Tahadhari moja: vipimo viwe vya muda uleule. Asilimia 98 ya kubaki kwa mwezi ni kama 78 tu kwa mwaka. Ukiichanganya na riba ya mwaka, utapata utajiri wa kwenye karatasi.

Kanuni hii pia inadhani kila mteja huondoka kwa kasi ileile, na sivyo. Tuseme waliokuja kwa kuambiwa na jirani wanabaki asilimia 80, na waliofuata ofa asilimia 50. Hao wa ofa thamani yao ni 60,000 × 1.2 / 0.7, kama 102,857. Ukimpa kila mteja mpya mashine ya maji ya 120,000, kwa wa kwanza inakuachia 60,000. Kwa wa pili umepoteza zaidi ya 17,000 kwa kila nyumba.