Wakala Alilipwa, Ritani Hazikuwasilishwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jambo la leo ni moja. Mtu amemlipa wakala wa kodi mwaka baada ya mwaka, amepewa makaratasi, amelala usingizi. Siku moja anaomba hati ya kuthibitisha kuwa hadaiwi kodi, anajibiwa kuwa kwenye kumbukumbu za mamlaka ya mapato kuna miaka ambayo ritani yake haipo.

Swali la kwanza watu wanaloniuliza ni hili: "Kosa si la wakala?" Ndiyo, kosa ni lake. Lakini wajibu wa kuwasilisha ritani kwa kawaida hubaki kwa mlipakodi, na wakala ni mkono wake tu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua jambo hili mwaka 1985, katika kesi ya Boyle. Msimamizi wa mirathi alimwachia wakili ritani ya kodi ya mirathi, akawa anamuulizia mara kwa mara, akahakikishiwa kuwa mambo yako sawa. Ritani ikachelewa miezi mitatu kwa sababu ofisi ya wakili haikuiandika kwenye kalenda. Mahakama ikasema adhabu ibaki. Mtaalamu akikushauri vibaya kuhusu sheria yenyewe, kwamba jambo fulani halitozwi kodi, unaweza kusikilizwa. Tarehe ya mwisho, walisema majaji, haihitaji mtaalamu kuijua. Si kila nchi inafuata uamuzi huo neno kwa neno, ila mwenye ritani zilizokosekana asiende kwenye mamlaka akitegemea sentensi moja ya "wakala alinidanganya."

Sasa tuingie kwenye kisa. Tuseme ni dada mmoja mchora ramani za majengo, anajiajiri. Wateja wake wakimlipa hukata kodi ya zuio na kuipeleka serikalini kwa jina lake. Kwa miaka mitatu wakala alimtumia faili lenye kichwa "Ritani ya Mwaka", lina mapato, matumizi na kodi, limepangwa vizuri kabisa. Lakini lile lilikuwa hesabu iliyoandaliwa, na kuandaa si kuwasilisha. Ritani iliyowasilishwa hutoa stakabadhi ya kupokelewa, yenye namba inayotolewa na mfumo wa mamlaka, tarehe, namba ya mlipakodi na mwaka unaohusika. Hata hiyo stakabadhi mtu anaweza kuighushi, kwa hiyo ithibitishe kwa kuingia mwenyewe kwenye akaunti yako, au kwa kwenda ofisini na kitambulisho, uone kama namba ile ipo.

Na kwa nini hakupata onyo lolote miaka yote hiyo? Kwa sababu wakala alipomfungulia akaunti aliandika barua pepe na simu yake mwenyewe. Barua zote za mamlaka zilikwenda kwa wakala. Hili naliona mara nyingi, na linaniumiza, maana ndilo linalogeuza pengo la mwaka mmoja kuwa la miaka mitatu.

Alipogundua, alitaka kwenda kugombana. Nawaelewa wenye hasira hiyo, lakini wakala bado ana ankara zako, risiti zako na hati zako za zuio. Mwombe kwanza nyaraka zote kwa maandishi, kwa upole, na utunze ujumbe wake wote wa zamani pamoja na uthibitisho wa malipo uliyompa. Wakati huohuo chukua nakala ya taarifa ya akaunti yako ya kodi kutoka kwenye mfumo, mwaka kwa mwaka. Kisha badilisha nenosiri, barua pepe na simu, na uondoe idhini ya wakala.

Taarifa ile isomwe kwa makini, kwa sababu mapengo si ya aina moja. Mwaka wa kwanza wa dada yetu ulikuwa mtupu. Mwaka wa pili mamlaka ilikuwa imemkadiria kodi yenyewe, kwa kuangalia malipo ambayo wateja waliripoti. Mwaka wa tatu ulionyesha ritani imewasilishwa, lakini ni ya sifuri. Wakala alijaza sifuri ili mfumo unyamaze. Hii ya tatu ndiyo hatari zaidi, maana ritani ya sifuri ni tamko la uongo lililotolewa kwa jina lako, na dawa yake ni kuirekebisha rasmi. Makadirio nayo yana njia yake: penginepo ritani halisi huyafuta, penginepo lazima uweke pingamizi ndani ya siku zilizoandikwa kwenye notisi, au uombe kuongezewa muda kwa kueleza kuwa notisi ilikwenda kwa mtu mwingine.

Tufanye hesabu kwa namba ndogo, kiwango cha kodi kikiwa asilimia 30. Mwaka wa kwanza kodi yake ni 450, wateja walikata zuio 650, kwa hiyo anadai 200. Mwaka wa pili alinunua vifaa, akapata hasara ya 400, na wateja wale wachache hawakukata kitu. Mwaka wa tatu faida ni 3,400. Ukianza na mwaka wa tatu kwa haraka, kodi ni 1,020, toa zuio la 600, unadaiwa 420. Ukianza na ule wa zamani, hasara ya 400 inasogea mbele, pale sheria inaporuhusu, faida inabaki 3,000, kodi 900, deni 300. Ndiyo maana ritani hujazwa kuanzia mwaka wa zamani kuja mbele. Zile 200 za mwaka wa kwanza usizipunguze mwenyewe kwenye deni. Ziombe zihamishwe, na uwahi, kwa kuwa madai ya kurejeshewa kodi yana ukomo wa miaka.

Hati za zuio ambazo wakala hakuzirudisha, aliziomba upya kwa wateja. Mapato aliyalinganisha na taarifa za benki, kwa sababu mamlaka nayo inaweza kuyalinganisha.

Nyaraka zilipokamilika alipeleka ritani zote pamoja na barua moja, kabla hajaitwa kwa ukaguzi. Nchi nyingi hupunguza adhabu kwa anayejitokeza mwenyewe, na nafuu hiyo hupungua au kutoweka ukaguzi ukishaanza. Barua ilieleza nani aliajiriwa, alilipwa lini, alijibu nini alipoulizwa, na pengo liligunduliwaje. Aliambatisha ujumbe wenyewe. Akalipa 300 siku hiyohiyo ili riba isiendelee, ndipo akaomba asamehewe adhabu. Riba ni ngumu zaidi kusamehewa kuliko adhabu, kwa kuwa huhesabiwa kama gharama ya serikali kukaa bila fedha yake. Kisha alisubiri wiki kadhaa, akafungua taarifa ya akaunti tena kuhakikisha kila mwaka umeandikwa upya. Barua ya "tumepokea" haitoshi.

Mwisho ni wakala. Unaweza kumshtaki kwenye chombo kinachosimamia leseni yake, na kumdai fidia. Dada yetu alidai ada alizomlipa na adhabu iliyobaki baada ya msamaha. Zile 300 hakuzidai, kwa sababu kodi hiyo angeilipa hata kama wakala angefanya kazi yake. Kama angekuwa amempa wakala fedha za kodi akazipeleke na hazikufika, lingekuwa jambo jingine kabisa, la polisi, na ushahidi wake ungekuwa taarifa ya benki kando ya taarifa ya akaunti ya kodi.