Kidole juu ya aya: namna ya kutaja hukumu katika kazi ya sheria

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria, Bukavu)

Wadogo zangu, karibuni. Leo sitazungumzia namna ya kuandika kazi nzima ya mwisho wa masomo. Nitazungumzia mstari mmoja mdogo, ule wa chini ya ukurasa, mnapotaja hukumu ya mahakama. Nitatumia hukumu mbili tu, na nitamalizia na zile za mahakama zetu hapa nyumbani, ambazo ndizo ngumu zaidi kutaja.

Tangu Machi 2024, waziri wa sheria alipotoa waraka wa kuondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo lililokuwepo tangu 2003, wengi wenu mnaandika juu ya adhabu ya kifo. Na karibu kila anayeandika juu yake anaitaja Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyoifuta adhabu hiyo tarehe 6 Juni 1995. Kazi nyingi ninazoletewa zina sentensi ya namna hii: "Mahakama ilisema kwamba haki ya uhai na haki ya utu ndizo kubwa kuliko haki zote." Ukishuka chini ya ukurasa unakuta: Makwanyane, 1995 (3) SA 391. Basi.

Sentensi ni ya kweli. Tanbihi nayo haina uongo. Lakini msomaji akiifuata anafika kwenye ukurasa wa kwanza wa hukumu yenye aya karibu mia nne, anaachwa hapo. Ni kama kumwambia mgeni aje Kadutu, bila njia wala namba ya nyumba. Tanbihi iliyokamilika iko hivi:

```
S v Makwanyane and Another [1995] ZACC 3; 1995 (3) SA 391 (CC) para 144
```

Tuisome polepole. S ni Dola, na Makwanyane ni mmoja wa washitakiwa wawili. Kisha inakuja sehemu ambayo wengi wenu mnairuka kwa sababu haina sura ya kitabu: [1995] ZACC 3. Hii ndiyo rejea huru. Inaitwa huru kwa sababu haimtegemei mchapishaji yeyote. 1995 ni mwaka wa hukumu, ZA ni Afrika Kusini, CC ni Mahakama ya Katiba, na 3 ni namba ya hukumu hiyo katika orodha ya mwaka huo. Haina ukurasa wala jina la kitabu. Mwanafunzi wa Bukavu asiye na kitabu hata kimoja cha Afrika Kusini akiandika alama hizo kwenye mtandao, hukumu yenyewe inamjia bila malipo.

Baada ya nukta-mkato inafuata ripoti ya sheria, yaani kitabu kilichoichapisha: juzuu ya tatu ya mwaka 1995 ya mfululizo unaofupishwa SA, ukurasa wa 391 ndipo hukumu inapoanzia. Angalieni neno hilo, inapoanzia. Ile 391 si mahali pa maneno mliyoyanukuu, ni mlango tu. Mahali penyewe ni para 144, aya ya 144.

Kwa nini aya, si ukurasa? Kwa sababu ukurasa unabadilika kulingana na karatasi. Ukichapisha hukumu kutoka kwenye mtandao unapata kurasa zako, msimamizi wako akiifungua kwenye simu hana kurasa kabisa, na aliye na kitabu ana kurasa nyingine. Aya ya 144 ni ile ile kwa wote watatu, kwa kuwa ni mahakama iliyoiandikia namba. Ndiyo maana rejea huru na namba za aya hutembea pamoja. Uingereza ilipoanza mtindo huo mwezi wa Januari 2001, iliviagiza vyote viwili kwa pamoja. Majirani zetu nao wamefika huko. Mkikutana na [2022] KESC 8 (KLR), hiyo ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya juu ya mpango wa kubadili katiba uliojulikana kama BBI. Mkiona TZCA, ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mkiona UGSC, ni Mahakama ya Juu ya Uganda.

Hapa nina ombi moja zito: msiitunge rejea huru. Nimeona mtu aliyejua mwaka na mahakama akabuni namba ya tatu iliyobaki. Namba hiyo haikisiwi. Kama hukumu haina, andikeni mlicho nacho: majina, namba ya kesi, tarehe, ripoti. Inatosha kabisa.

Sasa turudi kwenye Makwanyane, maana aya ina kazi ya pili ambayo naiona kubwa kuliko ile ya kumfikisha msomaji. Inamwambia ni nani anayesema. Majaji wote kumi na mmoja waliandika maoni yao katika kesi ile. Namba za aya hazikurudi mwanzo kwa kila jaji. Ziliendelea moja kwa moja kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Aya ya 144 ni ya rais wa mahakama, Jaji Chaskalson, aliyeandika hukumu kuu. Aya ya 328, yenye maneno mazuri juu ya thamani ya utu wa mwanadamu, ni ya Jaji O'Regan katika maoni yake mwenyewe. Ukiandika "Mahakama ilisema" kisha ukaweka para 328, umeipa mahakama nzima maneno ya jaji mmoja. Dawa ni ndogo: taja jina lake kwenye sentensi, au baada ya namba ya aya weka mabano yenye jina la jaji. Kabla ya kunukuu aya yoyote, pandeni juu kwa kidole mpaka mkutane na jina la jaji. Ni kazi ya dakika moja.

Hukumu ya pili mnaijua wote, kwa sababu ni yetu: Kongo dhidi ya Uganda, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, 19 Desemba 2005. Mahakama hii haina rejea huru ya namna ile, lakini aya zake zina namba, na zinatosha. Kwa Kifaransa mtaandika hivi:

```
Activités armées sur le territoire du Congo (République démocratique
du Congo c. Ouganda), arrêt, C.I.J. Recueil 2005, p. 168, par. 242
```

Nimechagua aya ya 242 kwa makusudi. Sentensi ninayoikuta kila mwaka ni hii: "Mahakama ilithibitisha kwamba serikali ya Uganda ilikuwa na sera ya kupora mali ya Kongo." Tanbihi yake ni p. 168, ukurasa wa kwanza. Namwambia mwanafunzi: niwekee aya. Anaondoka, anatafuta, anarudi na uso mwingine. Kwa sababu aya ya 242 inasema kinyume: Mahakama haikuona ushahidi wa kuthibitisha kwamba kulikuwa na sera ya serikali ya kuchimba na kuchukua mali ya Kongo, wala kwamba majeshi yaliingia ili kuipata. Hapo hapo ikaona ushahidi mwingi kwamba maofisa na askari walishiriki kupora, na kwamba wakubwa wao wa jeshi hawakuchukua hatua ya kuwazuia. Kisha katika aya ya 250 ikaamua kwamba Uganda inabeba dhamana ya uporaji uliofanywa na askari wake.

Naelewa kwa nini sentensi ile inatutoka. Sisi tuliyaona. Lakini kazi ya sheria inaeleza kile mahakama ilichoamua, na tofauti kati ya sera ya dola na matendo ya askari inabadilisha hoja nzima ya sura yako. Ukurasa wa 168 uliificha tofauti hiyo. Aya ya 242 haiwezi kuificha. Kwa hiyo ukiona huwezi kupata aya ya kuibeba sentensi yako, usihangaike na tanbihi, irekebishe sentensi.

Hukumu hii ina mitego mingine miwili. Wa kwanza ni jina. Kuna hukumu ya 2005 juu ya kosa, na kuna ya tarehe 9 Februari 2022 juu ya fidia, ile ya dola milioni 325, kati ya pande zile zile na kwa jina lile lile. Iko pia ya 2006 dhidi ya Rwanda, ambayo mahakama ilijitangaza haina mamlaka ya kuisikiliza. Ukifupisha na kuandika "hukumu ya Activités armées" bila mwaka, msomaji hajui uko wapi. Wa pili ni maoni ya majaji mmoja mmoja. Hapa ni kinyume cha Afrika Kusini: kila jaji anaanza upya na aya ya 1. Jaji Kateka, Mtanzania aliyeteuliwa na Uganda kwa kesi hiyo, aliandika maoni ya kupinga yenye namba zake mwenyewe. "Par. 10" peke yake inaweza kuwa ya mahakama, inaweza kuwa ya Kateka. Lazima jina liwepo.

Zimebaki hukumu za kwetu. Nyingi hazina rejea huru, hazikuchapishwa popote, na hazina namba za aya. Mnachokuwa nacho ni namba ya daftari: RP kwa jinai, RC kwa madai, RPA ikiwa ni jinai iliyofika rufani. Namba hiyo ni ya kesi, si ya hukumu. Kesi moja inaweza kutoa uamuzi wa katikati na hukumu ya mwisho chini ya RP ile ile, ndiyo maana tarehe haiachwi kamwe. Na kesi ikipanda rufani inapata namba mpya, basi tajeni zote mbili ili msomaji aone ni mwenendo mmoja. Muundo ni huu, mkijaza penye nukta:

```
T.G.I. Bukavu, ... (date), R.P. ..., M.P. c. ..., inédit, f. ...
```

T.G.I. ni tribunal de grande instance, M.P. ni mwendesha mashitaka wa serikali, inédit ni kwamba haijachapishwa, na f. ni namba ya karatasi ndani ya hukumu. Hiyo karatasi ndiyo aya yetu kwa sasa. Siwashauri mhesabu wenyewe zile aya zinazoanza na "Attendu que" na kuzipa namba, kwa sababu mwingine akihesabu atapata hesabu yake. Kama karatasi ni ndefu, ongezeni maneno machache ya kwanza ya aya mnayoitaja, msomaji ataikuta.

Mkienda kwa grefye kuomba nakala, hakikisheni mnaondoka na karatasi zote, si ile ya uamuzi peke yake. Angalieni kama namba za karatasi zimeandikwa na zinafuatana, na kama majina ya majaji na tarehe ya kusomwa yanasomeka. Karatasi isiyo na namba mwombeni aiandikie hapo hapo, mbele yenu, kwenye nakala iliyoko faili na kwenye yenu, ili zilingane.