Shina la mgomba ni mtungi wa maji
Mhadhara kwa wasusi wa vikapu na kamba, Kadutu, Bukavu

Jambo yenu, wamama, wababa na vijana. Nimeombwa niseme juu ya mashina ya migomba yanayoozea mashambani: namna ya kuyatoa nyuzi, na kama yanaweza kuwa makala ya kupikia. Nianze na makala, kwa sababu najua ndiyo iliyowaleta wengi hapa, hasa kwa bei ya gunia ilivyo sasa. Jibu langu ni hapana, na sababu ya hiyo hapana ndiyo itakayotufundisha kila kitu kuhusu nyuzi.

Tuchukue shina moja tu. Tulilikata Kabare, la ndizi za kasiksi, siku ileile mkungu ulipotolewa. Tuliliweka kwenye mizani ya muuza maharagwe, likasoma kilo 32. Vijana wawili walilibeba wakilalamika. Sasa, mgomba si mti. Hauna mbao ndani. Lile mnaloliita shina ni majani yaliyoviringishana, ganda juu ya ganda, kama kitunguu kirefu, na kila ganda limejaa vyumba vidogo vya maji. Katika kilo 32 zile, karibu kilo 30 zilikuwa maji. Wale vijana walikuwa wamebeba bidoni moja na nusu ya maji kutoka mlimani, wakidhani wamebeba kuni.

Sasa tia moto. Kuvukiza kilo moja ya maji kunakula joto la megajuli 2.6 hivi, na kilo moja ya mgomba mkavu kabisa inatoa megajuli kama 15. Zile kilo 2 kavu zitakupa 30, lakini maji yake yanataka 78. Unadaiwa kabla sufuria haijawekwa jikoni. Utasema: nitalianika. Kwa mvua zetu, kuanzia Septemba hadi Mei, shina zima linaoza kabla halijakauka. Ukilipasua na kulianika wakati wa kiangazi, utapata zile kilo 2, nyepesi kama manyasi, zinazowaka haraka na kuacha majivu mengi. Majivu hayo yana potasiamu nyingi, ndiyo maana maji yake yanateleza vidoleni kama sabuni. Kumbukeni hiyo potasiamu, tutarudi kwayo.

Wenzetu wa pwani wana bahati nyingine. Kumbi la nazi likikauka ni kuni kweli, na kifuu ni makala nzuri, kwa sababu vyote viwili ni vigumu na havina maji mengi. Lakini hata wao nyuzi hawazipati kwa haraka. Wamama wa Zanzibar hufukia makumbi kwenye matope ya ufukweni kwa miezi mingi, kisha huyafukua na kuyaponda mpaka usumba utoke wa kusokota kamba. Mkonge nao una tabia yake. Jani lake hutoa singa kama kilo 4 kwa kila kilo 100, na zile 96 ni maji na nyama ya jani. Kule Hale, mkoani Tanga, walijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Gesi haihitaji kitu kikavu, inapenda kitu cha majimaji. Kwa hiyo atakayekuja kwenu na mradi wa nishati ya mgomba, mwulizeni swali moja: maji utayapeleka wapi?

Turudi kwenye shina letu la Kabare. Tulimenya ganda kwa ganda. Maganda matatu ya nje yalikuwa ya kahawia, yamekwaruzwa na yameanza kukauka. Nyuzi zake ni nene na ngumu, zinafaa kamba ya kufungia mbuzi, hazifai mkoba wa kuuza. Yale ya katikati, saba hivi, meupe yenye kijani kidogo, ndiyo mali. Ule moyo mweupe wa ndani una nyuzi dhaifu zinazokatika ukizivuta. Huo tulimpa mwenye shamba akawakatie nguruwe wake. Maganda ya katikati yalikuwa na uzito wa kilo 20. Baada ya kukwangua, kuosha na kukausha, tulipata nyuzi gramu 210.

Nasikia mnacheka. Ndiyo, gramu 210 kutoka kilo 32. Kwa mgomba hicho ni kipimo cha kawaida, karibu kilo moja katika kila mia ya maganda mazuri. Anayewaahidi kilo tano kwa shina hajawahi kupima nyuzi kavu, amepima mbichi.

Kukwangua kwa mkono kunafanywa hivi. Pasua ganda liwe vipande vyembamba, upana wa vidole vitatu. Laza kipande juu ya ubao laini, upande wa ndani wa ganda ukitazama juu, maana nyuzi nzuri ziko karibu na ngozi ya nje. Shika kisu butu, narudia, butu, au kipande cha bati kilichokunjwa ukingo, ukiegemeze kidogo, na uvute kuelekea kwako. Maji yanatoka, kisha ute, kisha unaanza kuona nyuzi zinang'aa kama nywele. Geuza, maliza upande wa pili. Kisu kikali kinakata nyuzi na utabaki na vipande vifupi vya kujazia mto. Mama mwenye mkono mzoefu, akianza asubuhi, jioni ana nusu kilo ya nyuzi kavu kwa wingi. Wapo wanaokwepa kukwangua kwa kuloweka maganda kwenye pipa siku kumi au zaidi mpaka nyama ioze. Inawezekana, lakini harufu yake majirani hawaisamehe, na ukizidisha siku mbili tu, nyuzi zenyewe zinaanza kuliwa. Jaribu kila siku kwa kidole gumba: siku nyama inapoteleza yenyewe, toa zote siku hiyo. Na tafadhali msiloweke ziwani. Uozo ule unamaliza hewa ya maji pale ufukweni ambako samaki wadogo wa sambaza wanakaa.

Mashine ipo pia. Ni ngoma ya chuma yenye visu butu, inazunguka mbele ya bamba, nawe unaingiza ganda nusu na kulivuta nyuma. Watu wa mkonge huiita raspador. Siri yake yote ni nafasi kati ya kisu na bamba, milimita moja au mbili. Ikibana sana, nyuzi zinatoka zimekatika na vumbi linaruka. Ikiachia sana, nyuzi zinatoka na nyama ya kijani, zikikauka zinakuwa ngumu kama ugali wa jana. Hatukutegemea umeme wa Ruzizi, kila mtu hapa anajua kwa nini. Tulitumia injini ya petroli. Na mkono usipite bamba hata siku moja. Nimeona kidole kilichopita.

Sasa wakati. Utomvu wa mgomba mnaujua, ukidondokea shati doa halitoki. Ndani ya ganda lililokatwa utomvu huo unageuka kahawia kwa kukutana na hewa. Shina likikaa siku moja, nyuzi ni nyeupe za kung'aa. Siku tatu, zinakuwa rangi ya chai, na kuosha hakurudishi. Kwa hiyo kwangua siku ya kukata au kesho yake, osha palepale kwa maji mawili au matatu mpaka yawe safi, kamua, anika. Jua la asubuhi ni zuri. Baada ya hapo hamishia kivulini penye upepo. Zikiwa zimekauka kweli, ukizikunja mkononi zinatoa sauti kama karatasi. Zikinyamaza, bado. Tulipoteza fungu zima mwezi wa Novemba kwa kusikiliza mteja badala ya sauti hiyo: tulifunga zikiwa na ubaridi kidogo, na wiki mbili baadaye tulifungua gunia tukakuta madoa meusi na harufu ya pishi. Mteja hakurudi, na sikumlaumu.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningetaka mlichukue hata kama mengine yatasahaulika. Mnauliza tufungue kituo mjini, malori yalete mashina kutoka Kabare, Walungu, Idjwi. Msifanye hivyo. Kwanza mtalipia usafiri wa maji. Pili, kuna mnyauko wa migomba, ule ugonjwa ulioonekana Masisi tangu 2001 na kushuka mpaka huku kwetu. Vijidudu vyake vinakaa kwenye utomvu na vinasafiri kwa panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa likikata mzima, umeupanda ugonjwa. Sasa fikiria lori la mashina yanayodondosha utomvu njia nzima, na kundi la vijana wenye panga moja wanaopita shamba baada ya shamba. Tutakuwa tumetengeneza vikapu kwa kuua migomba ya kasiksi.

Kwa hiyo kisu kinaenda shambani, mgomba hauji mjini. Kata tu shina lililokwisha kutoa mkungu. Ukishakata, ngoja kama robo saa, piga soga na mwenye shamba. Ukiona usaha wa manjano unachuruzika kwenye mkato, acha palepale na umwambie mwenyewe. Kila unapohama shamba, pitisha panga kwenye moto mpaka lisishikike, au lioshe kwa jiki. Wakulima wakikuona unafanya hivyo watakuruhusu kurudi.

Na kuna neno ambalo silipendi, neno taka. Mama wa Walungu alinikatalia mashina yake, akaniambia: «Hii ndiyo mbolea yangu, unataka kunipa nini badala yake?» Alikuwa na haki. Ile potasiamu niliyoitaja inatoka kwenye udongo wake na inakaa ndani ya shina, na ndizi zinaihitaji kuliko karibu kitu kingine chochote. Shina likilazwa limepasuliwa kati ya migomba, linarudisha hiyo potasiamu na kufunika udongo. Hata hivyo nilimwonyesha kwamba shina lililoachwa zima ni hoteli ya fukusi, yule mdudu mweusi anayetaga kwenye mashina yaliyokatwa kisha watoto wake wanatoboa tunguu la mgomba chini ya udongo. Tukapatana hivi: tunakwangua chini ya mgomba wake, tunaondoka na gramu 210, na makapi yote, maji na nyama, yanabaki kwake yamesambazwa, yanakauka haraka, fukusi hana pa kulala. Tangu hapo ananipigia simu mwenyewe akivuna.

Swali la mwisho lililoletwa kwa karatasi: mkoba mmoja unakula mashina mangapi? Ule mdogo ninaoushika, mawili. Hesabu basi siku mbili za mtu: moja ya kukwangua, moja ya kusuka, bila kutaja za kukausha. Ukiuza chini ya malipo ya siku hizo mbili, umemfanyia mteja salongo.

Sasa tutoke nje. Nyuma ya jikoni ya parokia kuna migomba miwili iliyotoa mkungu juzi, na padri ameruhusu. Nimeleta bati tano na kisu kimoja butu. Robo saa ya kuangalia usaha tutaitumia kupanga nani anaanza.